Nguzo B Ikititia, Ufa Hutokea kwa C

Fundi akiitwa kutazama ufa uliojitokeza juu ya boriti, huanza kwa kuinama kukagua msingi wa nguzo iliyo chini ya ufa huo. Mara nyingi hufanya vyema. Lakini ipo aina moja ya jengo ambamo tabia hiyo humpoteza: jengo ambalo boriti yake ya zege imemwagwa kwa mkupuo mmoja, ikapita juu ya nguzo nne bila kukatwa mahali popote. Humo, nguzo moja ya kati ikititia, ufa mkubwa wa juu hautokei juu yake. Hutokea juu ya nguzo jirani, ambayo msingi wake ni mzima kabisa. Fundi atachimba, ataona jamvi la msingi halina kasoro, atajaza ufa kwa saruji na kwenda zake, huku mkosaji akiwa mita sita kutoka hapo.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria watu wanne wamebeba gogo refu mabegani, mmoja nyuma ya mwingine. Wa pili akikunja magoti kidogo tu, yeye hupumzika. Uzito alioukwepa hauendi hewani, unawaangukia wenzake, na gogo linalazimika kujipinda ili lifuate bega lililoshuka. Kama badala ya gogo moja wangebeba vigogo vitatu vilivyounganishwa kwa kamba, kushuka kwa bega moja kusingemsumbua mtu yeyote: vigogo vingeinama kidogo penye kamba na mzigo ungebaki kama ulivyokuwa. Kwa hiyo tatizo letu ni la boriti inayoendelea. Kuendelea huko ndiko kunakoipa nguvu na kuokoa nondo siku zote za kawaida, na ndiko kunakoiponza siku udongo unapolegea upande mmoja.

Tuchukue boriti yenyewe tuihesabu. Ina nguzo A, B, C na D, na kutoka nguzo hadi nguzo ni mita 6, hivyo jumla ni mita 18. Upana wake ni milimita 300 na kina chake milimita 500. Pamoja na uzito wake, slabu, kuta na watu, inabeba kilonyutoni 30 kwa kila mita, yaani kama tani tatu kwa mita. Kwenye ncha, A na D, imeegemea tu na inaweza kuinama kwa uhuru. Kisha karibu na nguzo B bomba la maji linavuja chini ya sakafu kwa miezi kadhaa, udongo unalowa, na nguzo hiyo inashuka milimita 10. Sentimita moja, upana wa kucha ya kidole kidogo.

Kabla ya kushuka huko, hali ya boriti inajulikana bila jasho. Katikati ya kila nafasi inabonyea, kwa hiyo upande wa chini ndio unaovutwa. Juu ya B na C inabinuka, na hapo upande wa juu ndio unaovutwa. Ukali wa kupinda huko wahandisi huupima kwa momenti, yaani kani ikizidishwa kwa umbali wake. Kwa nafasi tatu zilizo sawa na mzigo uliotandazwa sawasawa, momenti juu ya B na juu ya C ni sehemu ya kumi ya mzigo kwa mita ukizidishwa kwa urefu wa nafasi kipeo cha pili: 30 × 36 ÷ 10, yaani kilonyutoni-mita 108. Ni kama tani 11 zikining'inizwa kwenye mkono wa mita moja. Kwa sababu hiyo nondo nene za juu hulazwa hasa penye nguzo za kati.

Swali ni milimita 10 zinaongeza au kupunguza nini katika hizo 108. Tangu mwaka 1857, Mfaransa Clapeyron alipochapisha kanuni yake ya momenti tatu, jibu liliweza kupatikana kwa kutatua milinganyo kadhaa kwa pamoja. Kwa boriti ya nafasi tatu hilo ni jepesi. Kwa ghorofa lenye viungo hamsini, kabla ya kompyuta, ilikuwa adhabu. Mwezi Mei 1930, Hardy Cross, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alichapisha makala ya kurasa 10 tu iliyoonyesha njia nyingine: usitatue milinganyo, gawanya momenti kidogo kidogo hadi zitulie. Wahandisi wa nusu karne iliyofuata waliishi kwa njia hiyo. Leo kompyuta imeiondoa mezani, lakini naamini bado hakuna njia inayomwonyesha mtu kwa macho jinsi taabu ya kiungo kimoja inavyosafiri hadi kingine kama hii.

Inaanza kwa uongo wa makusudi. Tunajifanya kwamba viungo vya B na C vimepigwa kufuli, haviwezi kuzunguka hata chembe. Vikiwa vimefungwa hivyo, tunaishusha B milimita 10. Boriti haina budi kujikunja pande zote mbili za B, na ukali wa kujikunja huko kwa kipande kilichofungwa ncha zote mbili ni 6EIΔ/L². Hapo Δ ni kiasi cha kushuka, L ni urefu wa nafasi, na EI ni ugumu wa boriti dhidi ya kupinda: E inatokana na zege lenyewe, na I inatokana na umbo, yaani upana mara kina kipeo cha tatu, gawanya kwa 12. Kwa boriti yetu, tukilichukua zege kuwa zima lisilo na nyufa, EI ni kama 78,000 katika vipimo vya kilonyutoni na mita.

Kwa hiyo kipande cha BC kinapata 6 × 78,000 × 0.01 ÷ 36, ambayo ni 130, kwenye kila ncha yake. Kipande cha AB ni tofauti kwa sababu ncha ya A haina kufuli, inainama itakavyo. Hapo kanuni inapungua nusu, 3EIΔ/L², na ncha ya B inapata 65. Kipande cha CD hakijaguswa bado, kwa kuwa C na D hazikushuka.

Alama zinataka uangalifu kuliko hesabu yenyewe. Tunakubaliana kwamba momenti inayoizungusha ncha ya boriti kufuata mshale wa saa ni chanya, na inayokwenda kinyume ni hasi. B inaposhuka, kipande cha AB kinainama kuelekea kulia na momenti yake ni hasi. Kipande cha BC kinainama upande wa pili na momenti zake ni chanya. Mwanafunzi anayekosea hapa hupata jibu lililo nadhifu kabisa lakini limegeuzwa, na hakuna hatua ya baadaye itakayomshtua.

Sasa tunafungua kufuli, moja baada ya nyingine. Pale C upande mmoja una +130 na upande wa pili sifuri, hivyo kiungo kinataka kuzunguka. Kikiachiwa kitazunguka hadi nguvu za pande mbili zitoshane, na kila upande utabeba sehemu yake kulingana na ugumu wake. Kipande cha BC, ambacho ncha yake ya mbali bado imefungwa, kina ugumu wa 4. Kipande cha CD, ambacho ncha yake ya mbali iko huru, kina ugumu wa 3. Basi mgawo ni nne kwa tatu: sehemu nne za saba upande wa BC, tatu za saba upande wa CD. Ili kufuta 130, BC inachukua −74.3 na CD inachukua −55.7.

Lakini huwezi kuizungusha ncha moja ya boriti bila ncha ya pili iliyofungwa kuhisi. Inahisi nusu kamili. Nusu ya 74.3, yaani 37.1, inasafiri hadi B. Tunaifunga C tena palipotulia, tunahamia B, tunajumlisha kilichopo (−65, +130 na −37.1) na kupata +27.9 isiyotoshana. Tunaifungua B, tunagawa kwa sehemu zilezile, nusu inarudi C, na mchezo unaendelea. Kila mzunguko kinachosafiri kinakuwa kidogo zaidi. Karatasi ya mhandisi ingeonekana hivi:

```
                 BA       BC       CB       CD
Kufuli zote    -65.0   +130.0   +130.0      0.0
Fungua C                -37.1    -74.3    -55.7
Fungua B       -11.9    -15.9     -8.0
Fungua C                 +2.3     +4.5     +3.4
Fungua B        -1.0     -1.3     -0.6
Fungua C                 +0.2     +0.4     +0.3
Fungua B        -0.1     -0.1
Jumla          -78.0    +78.1    +52.0    -52.0
```

Tazama jinsi ilivyotulia haraka. Baada ya kufungua kila kiungo mara tatu, tofauti iliyobaki ni sehemu ya kumi ya kilonyutoni-mita, nayo imetokana na kukadiria desimali. Jibu kamili la milinganyo ni 78 na 52. Uhakiki wa kwanza ni huo huo: pande mbili za kila kiungo zilingane na kupingana alama. Uhakiki wa pili ni kutafuta mabadiliko ya mzigo kwenye nguzo. Kutokana na momenti hizi, A inaongezewa kilonyutoni 13, B inapunguziwa 34.7, C inaongezewa 30.3, na D inapunguziwa 8.7. Jumla yake ni sifuri kwa kadiri ya desimali tulizobakiza, na ndivyo ipasavyo, maana kutitia hakuleti mzigo mpya ndani ya nyumba. Kunahamisha uliopo tu.

Tuunganishe sasa na zile 108 za mzigo wa kawaida. Pale B kutitia kunataka boriti ibonyee, ilhali mzigo unataka ibinuke, kwa hiyo vinapunguzana: 108 toa 78, zinabaki 30. Pale C vyote viwili vinataka boriti ibinuke: 108 na 52, jumla 160. Nguzo iliyoshuka imepata nafuu ya karibu robo tatu. Jirani yake asiye na hatia ameongezewa karibu nusu.

Namba hiyo ya 160 ni nzito kuliko inavyosikika. Kanuni ya Uingereza ya BS 8110, ambayo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamesanifu nayo kwa miaka mingi, inataka mzigo wa kudumu uzidishwe kwa 1.4 na mzigo wa watumiaji kwa 1.6 kabla ya kuchagua nondo. Tukichukua wastani wa 1.5, nondo za juu ya C zilichaguliwa kwa momenti ya kama 162. Akiba yote iliyowekwa kwa ajili ya sherehe ya harusi ukumbini, kwa matofali yaliyorundikwa sakafuni au kwa zege lililochanganywa vibaya, imemezwa na sentimita moja ya udongo. Na sehemu ya pili inayoumia ni ile ambayo wengi hawaitazami: tumbo la nafasi ya AB. Kwa kuwa B haibinuki tena kama zamani, nafasi hiyo inabonyea zaidi, na momenti yake ya juu kabisa inapanda kutoka 86 hadi 120.

Hivyo mtu anayesoma nyufa za jengo kama hili anatafuta mbili kwa pamoja. Ufa wa kwanza ni wa juu ya boriti penye C, mpana kwa juu na unaosinyaa kuelekea chini, na mara nyingi umejificha chini ya vigae vya sakafu. Wa pili, au kundi la nyufa ndogo zilizosimama, uko chini ya boriti kati ya A na B, karibu na A kuliko B. Ukiona zote mbili huku juu ya B pakiwa pasafi, shuku B. Kama mzigo tu ndio uliozidi, nyufa zingekaa kwa ulinganifu, B na C zikiumia sawa.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine. Mpira wa maji, ule mrija mwembamba unaong'aa ambao kila fundi wa kupaua na kuweka vigae anao, ukitolewa mapovu yote ya hewa, unaweza kuonyesha tofauti ya milimita chache kati ya nguzo na nguzo. Shida ni kwamba jengo halikujengwa likiwa limenyooka kabisa, kwa hiyo kipimo kimoja hakisemi mengi. Weka alama ya rangi kwenye nguzo zote nne, andika vipimo, kisha rudia baada ya mvua na tena baada ya kiangazi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nguzo inaweza kupanda msimu mmoja na kushuka mwingine, na hapo hesabu yote hapo juu inageuka alama. Kwa ufa wenyewe, kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa juu yake kwa saruji kitavunjika kama bado unapanuka.

Kinachohesabiwa siku zote ni tofauti ya kushuka. Nguzo zote nne zikititia milimita 40 pamoja, boriti haitajua. Hata zikititia kwa mteremko ulionyooka, A sifuri, B 10, C 20, D 30, boriti yetu iliyoegemea tu itainama nzima bila kujipinda na momenti haitaongezeka. Nimeona watu wakitishwa na jengo lililoshuka sana lakini kwa pamoja, na kulipuuza lile lililoshuka kidogo mahali pamoja.

Upo pia mtego unaowanasa hata wenye ujuzi. Mtu akihofia udongo, husema: tuongeze kina cha boriti iwe imara. Rudi kwenye kanuni 6EIΔ/L². Kina kimo ndani ya I kwa kipeo cha tatu. Ukikiongeza kutoka milimita 500 hadi 700, ugumu unakuwa karibu mara 2.7, na momenti za kutitia zinakuwa mara 2.7 vilevile. Boriti nene inaubeba vizuri zaidi mzigo wa watu, lakini inauchukia zaidi msingi unaoshuka. Nafasi fupi nayo ni hatari kwa namna hiyo: L iko chini ikiwa kipeo cha pili, hivyo nafasi ya mita 3 kwa kushuka kulekule inapata mara nne. Tatizo la udongo hutatuliwa udongoni, au kwa kuikata boriti iwe vipande vinavyoinama kwa uhuru.

Hesabu yetu ina ukali wa kupita kiasi kwa sababu mbili. Zege likishapata nyufa ugumu wake hushuka, mara nyingi hadi nusu au chini yake, na momenti za kutitia hushuka nao, kwa kuwa zimezaliwa na ugumu huo. Na kutitia kwenye udongo wa mfinyanzi huchukua miezi au miaka, muda ambao zege hujinyoosha polepole chini ya mkazo na kuulegeza. Tukichukua nusu ya ugumu, B inabaki na 69 na C inafika 134, hali inayovumilika. Ndiyo maana majengo mengi yenye nguzo zilizoshuka yamepasuka na bado yamesimama. Kinachotisha ni kushuka kwa ghafla, na kushuka kunakozidi kiasi fulani: kwa zege zima, B ikipita milimita 14 hivi, zile 108 zinafutika zote na momenti pale B inageuka. Sasa tumbo la boriti juu ya nguzo ndilo linalovutwa, mahali ambapo nondo nene ziko juu na za chini ni chache, tena mara nyingi zimeunganishwa papo hapo kwa kupishana.

Ulegevu huo wa zege ndio unaofanya urekebishaji uwe kazi ya subira. Baada ya kuziba bomba na kuimarisha msingi, mkandarasi huleta jeki na kutaka kuirudisha B milimita zake 10 asubuhi moja. Lakini kama boriti imeshalegeza nusu ya momenti zake kwa miaka miwili, kuinyanyua haraka hakuirudishi ilikokuwa. Kunaiwekea momenti mpya za upande wa pili, na kwa kupinda kwa haraka zege ambalo halijapasuka huonyesha ugumu wake wote: pale B, 69 zinaongezewa hadi 78, jumla 147, na juu ya nguzo ambayo haikuwahi kuwa na ufa sasa unafunguka ufa. Nguzo za namna hii hunyanyuliwa milimita moja au mbili, zikakazwa kwa kabari za chuma, zikaachwa wiki kadhaa huku vioo vya B na C vikisomwa, ndipo jeki irudishwe tena. Na mara nyingi mhandisi husimamia milimita 4 au 5, akaiacha B pale.